Kunguni, kiroboto au mbu? Tazama nafasi kati ya alama

Picha iliingia kwenye simu yangu saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla hata sijateleka chai. Ilikuwa ya mguu wa mtu mzima, upande wa ndani wa kifundo, uliomulikwa kwa taa kali ya simu. Vipele vitatu vilikuwa vimejipanga mstari mmoja juu ya mfupa, cha nne kimekaa kando kidogo. Chini yake ujumbe: "Fundi, ni kunguni. Tazama wamepanga mstari. Godoro nimeshatoa nje, njoo upulizie leo."

Nafanya kazi ya kupulizia dawa ya wadudu kwenye nyumba za watu hapa Nairobi, huu mwaka wa 11. Picha za namna hii hunifikia karibu kila siku, na nyingi huja zikiwa na hukumu tayari. Jirani amesema ni kunguni, mtunza ploti amesema ni kunguni, na kwa sababu kunguni huleta aibu, mwenye nyumba hataki kungoja hata siku moja. Nilimjibu: "Habari ya asubuhi, mama. Tafadhali usinunue chochote bado. Nipigie picha mbili zaidi. Moja ya karibu, na rula ya shule iwe imelazwa kando ya vipele. Nyingine ya mbali, nione mguu mzima mpaka gotini. Na uniambie kama watoto wanawashwa, na wapi."

Niliomba hivyo kwa sababu ile picha ya kwanza haikuniambia mahali mstari ule ulipoanzia na ulipoishia, wala umbali kati ya kipele na kipele. Kipele kimoja peke yake hakisemi mengi. Ngozi ya binadamu ina namna chache tu za kulalamika: inavimba, inawasha, inabadilika rangi. Inafanya hivyo kwa mate ya kunguni, kwa mate ya kiroboto na kwa mate ya mbu. Hata daktari wa ngozi akipewa kipele kimoja kilichokatwa pembeni zote hawezi kuapa ni cha nani. Kinachotofautisha wadudu hawa watatu ni mwendo wao. Mmoja anatembea, mmoja anaruka kwa miguu, mmoja anaruka kwa mbawa. Kiswahili chetu kimewapa wale wawili wa mwisho neno moja, lakini ngozi haiwachanganyi sana. Nafasi kati ya alama ni nyayo za mdudu, na picha nzuri ni ile inayoonyesha nyayo hizo.

Nianze na kunguni, kwa kuwa ndiye anayeshtakiwa kila mara.

Kuna siku nilimchukua kunguni mmoja kutoka kwenye mshono wa godoro la mteja, nikamweka ndani ya kichupa, na jioni nikamwachia mkononi mwangu ili nimtazame kwa lenzi ya mkononi. Alikuwa mkavu, mwembamba kama mbegu ya tikiti, rangi ya kahawia, urefu kama milimita tano. Alitembea kidogo, akasimama, akashika ngozi kwa miguu ya mbele. Mdomo wake hukaa umekunjwa chini ya kifua kama kisu cha kukunja, na wakati wa kula huufungua kuelekea mbele. Aliingiza ncha. Sikusikia kitu. Baada ya kama dakika moja nikatikisa kiganja kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Akachomoa, akapiga hatua chache, akaingiza tena. Pale pa pili nilimwacha, akanywa kama dakika saba. Yule aliyekuwa bapa akarefuka, akajaa, akawa mwekundu wa giza. Siku ya pili nikawa na vipele viwili, vimeachana kwa upana wa kidole kimoja. Mdudu mmoja, mlo mmoja, alama mbili.

Ndiyo maana sihesabu vipele ili kujua idadi ya kunguni. Na ndiyo maana mtu akiniambia "watatu kwa mstari" namwelewa, lakini simalizi hapo. Mstari wa kunguni una sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo niliyoiona mkononi: mlaji anasumbuliwa, anasogea, anajaribu tena. Ya pili ni kwamba kunguni hapendi kukaa juu ya ngozi iliyo wazi. Hupendelea kusimama juu ya shuka na kuunyoosha mdomo kuelekea ngozi, pale mwili unapokutana na kitanda. Mkono ukiwa umelazwa kwenye shuka, kuna mpaka mrefu ambapo ngozi inagusa nguo, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Kunguni, awe mmoja au wanne, hufuata mpaka huo kama watu waliokaa ukingoni mwa mto. Kwa hiyo kwenye picha ya kunguni natafuta mstari unaofuata ukingo: ubavu wa mkono uliolaliwa, shingo pale foronya inapoishia, mgongo pale fulana ilipopanda, bega moja tu na si mabega yote mawili. Nafasi kati ya alama huwa inalingana kiasi, mara nyingi upana wa kidole kimoja hadi vitatu, kwa sababu ni nafasi ya hatua.

Sasa kiroboto. Huyu ni mdogo kuliko kunguni mkubwa, milimita mbili hivi, na amebanwa ubavuni, yaani ukimtazama kutoka juu ni mwembamba kama ukurasa uliosimama, ilhali kunguni amebanwa kutoka juu kama chapati. Kwenye nyumba zetu wengi ni wale wa paka, ambao humpanda mbwa pia bila shida. Kiroboto hana mbawa. Anakaa chini, kwenye vumbi la pembeni mwa ukuta, kwenye kapeti, kwenye nyufa za mbao, na anaruka. Kiroboto wa paka anaweza kuruka juu kama sentimita 20. Chukua rula uisimamishe kando ya mguu wako uone sentimita 20 zinafika wapi: katikati ya muundi. Hapo ndipo ramani yake ilipo. Mtu mzima anayetembea ndani ya nyumba yenye viroboto huumwa kwenye vifundo na chini ya goti, na soksi ikiwa imebana, alama hukusanyika kwenye ukingo wake, kwa kuwa mdudu anapanda, anakutana na kizuizi, anauma hapo hapo.

Akishatua haendi mbali. Anadunga, anachomoa, anadunga tena karibu. Matokeo ni vishada: vipele vitatu, vinne, vitano ndani ya eneo ambalo ungelifunika kwa kifuniko cha chupa ya soda, halafu nafasi tupu, halafu kishada kingine. Vishada hivyo wakati mwingine hujipanga mstari, na hapo ndipo watu hupotea. Kila kipele huwa kidogo na kigumu, na katikati yake kuna nukta nyeusi au nyekundu iliyoiva, mahali ncha ilipoingia. Kunguni naye anaweza kuacha nukta, kwa hiyo sitegemei nukta peke yake. Lakini nukta, pamoja na ukaribu wa vipele, pamoja na mguu chini ya goti, huwa ni hoja nzito.

Mbu ni rahisi zaidi mradi umpige picha mapema. Anatua popote palipo wazi na anaondoka kwa mbawa, kwa hiyo alama zake hazina ujirani. Moja kwenye kiwiko, moja kwenye paji la uso, mbili kwenye mguu zilizoachana kwa shubiri nzima. Uvimbe wake hutokea ndani ya dakika chache, ni mpana, laini, umepauka katikati, na kingo zake si za duara. Hujitandaza kama tone la uji lililodondoka mezani. Baada ya saa chache nyingi hushuka, ingawa kwa baadhi ya watu hubaki kipele kigumu kinachowasha kwa siku moja au mbili. Mtu akinitumia picha saa mbili usiku na nyingine asubuhi, na uvimbe mpana wa usiku umebaki alama ndogo tu, nafikiria mbu kwanza. Kunguni huwa kinyume chake: asubuhi hakuna kitu, mchana kidogo, jioni ndipo kunapochacha.

Mbu naye ana mtego wake. Ukilala kiwiko kikiwa kimegusa chandarua, mbu hatahitaji kuingia ndani. Atakaa nje ya neti na kudunga kupitia matundu, na wenzake watafanya vivyo hivyo palepale. Utapata alama tatu au nne karibu karibu, tena kwenye mstari, na utaapa ni kunguni. Ukiona hivyo, uliza mtu alilala upande gani na neti ilikuwa wapi.

Turudi sasa Kayole, mtaa anakoishi yule mama wa picha ya asubuhi. Picha za rula zilifika saa mbili, na alikuwa amefanya vizuri kuliko wateja wengi. Kwanza alizima taa ya simu. Taa ya simu hulainisha kila kitu. Inamulika moja kwa moja na kufuta kivuli, na bila kivuli uvimbe hauonekani. Nilikuwa nimemwelekeza akae karibu na dirisha ili mwanga uje kutoka ubavuni. Kwa ngozi yetu nyeusi jambo hili ni la lazima. Maelezo mengi ya vipele yanazungumzia wekundu, na wekundu huo kwetu mara nyingi hauonekani, au unaonekana kama zambarau au weusi uliokolea. Tunachoweza kuona vizuri ni mwinuko. Mwanga wa ubavuni huacha upande mmoja wa kipele uking'aa na mwingine ukiwa na kivuli, na hapo unaweza kuhesabu na kupima.

Kivuli hicho hutusaidia na jambo jingine. Ngozi nyeusi ikipona baada ya kuumwa huacha doa jeusi linaloweza kukaa kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya mbele, madoa ya mwezi uliopita na vipele vya jana vinafanana, na mtu anahesabu alama 30 akadhani ameumwa usiku mmoja. Doa la zamani halina kivuli kwa sababu ni bapa. Kwa hiyo kabla sijasoma mpangilio wowote ninaondoa kwanza madoa bapa, kisha ndipo nasoma kilichobaki.

Pia nilimwambia asipake mafuta kabla ya kupiga, kwa sababu mng'ao wa mafuta unadanganya, na asisogeze simu karibu mno. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri chini ya sentimita kumi hivi. Picha inakuwa ukungu. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo na kukuza. Rula ilazwe kwenye ngozi, usawa mmoja na vipele, isiinuliwe hewani, la sivyo vipimo havitakuwa vya kweli.

Kwenye picha ya karibu, baada ya kutoa madoa mawili ya zamani, vilibaki vipele vitano. Vitatu vya mstari viliachana kwa milimita 9 na milimita 11. Viwili vingine vilikuwa chini yake, vimeachana milimita 6 tu. Kila kimoja kilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, na vinne kati ya vitano vilikuwa na nukta nyeusi katikati. Kufikia hapo nilikuwa bado na watuhumiwa wawili. Kilichonigeuza ni picha ya mbali. Mguu mzima ulikuwa na alama zilizovimba 14, zote chini ya nusu ya muundi. Juu ya hapo ngozi ilikuwa safi mpaka gotini. Na ule mstari wa vipele vitatu, ambao kwenye picha ya kwanza ulionekana kama mstari wa kunguni, ulikuwa umekaa sawasawa juu ya alama ya mpira wa soksi. Alama ya soksi yenyewe ilikuwa bado inaonekana kwenye ngozi. Mstari ulifuata soksi, haukufuata shuka.

Nikamuuliza: "Mama, unalala na soksi?"

"Hapana. Navaa jioni tu nikipika, sakafu ni baridi."

Kunguni wa kitandani angeipata miguu mizima, na mikono, na shingo. Kwa nini aende kwenye mstari wa soksi iliyovaliwa jikoni?

Picha za watoto zilifuata. Mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa na vishada miguuni, lakini pia kwenye mapaja, na kiunoni pale mpira wa suruali unapokaa. Mtu angesema ramani imevunjika, maana kiroboto hawezi kuruka mpaka kiunoni. Lakini mtoto wa miaka mitatu hasimami siku nzima. Anakaa kwenye kapeti, anatambaa, analala kifudifudi na magari yake ya plastiki. Kwake yeye kiuno ni sentimita chache tu kutoka sakafuni.

Kwa mtoto huyo kulikuwa na jambo jingine ambalo lingeweza kunipoteza. Alikuwa na vipele vingi kuliko mama yake na kaka yake wote wawili, vingine vikubwa, vikiwa vimepangana pande zote mbili za mwili. Watoto wadogo wengi hupata mzio wa mate ya wadudu, na mzio huo una tabia ya kuamsha alama za zamani: akiumwa leo mguuni, kipele cha wiki iliyopita pajani kinaweza kuvimba tena na kuwasha upya. Kwa hiyo kwenye picha ya mtoto mdogo, hata kivuli hakinihakikishii kwamba kipele ni kipya. Mpangilio wake nausoma kwa tahadhari, na nategemea zaidi ule wa mtu mzima wa nyumba hiyohiyo.

Kijana mkubwa, wa darasa la saba, analala kitanda cha juu cha deka, karibu na dirisha. Yeye alikuwa na uvimbe mara mbili tu, kwenye kiwiko kimoja, umeachana kwa sentimita sita, kila mmoja upana wa milimita 15, bila nukta na bila umbo la duara. Mama alipopiga tena jioni, mmoja ulikuwa umetoweka na mwingine umebaki kama punje. Nilimuuliza neti yake imefungwaje. Imebanwa ukutani, na yeye hulala amejibana hapohapo. Hao walikuwa mbu. Nyumba moja, wadudu wawili, na mtu aliyekuwa tayari kununua dawa ya mdudu wa tatu.

Baba wa nyumba hakuwa na alama hata moja. Mama alilitaja hilo kama ushahidi, kwamba "damu yake hawaipendi". Mimi silitumii kama ushahidi wa chochote. Yeye ni bawabu wa usiku, huvaa buti na suruali ndefu, na hulala mchana. Lakini hata angekuwa analala usiku, kuna watu wengi ambao ngozi yao haionyeshi chochote wakiumwa na kunguni. Nimeingia vyumba ambavyo godoro limejaa, mke ana vipele kutoka shingoni hadi miguuni, na mume anayelala naye kitanda kimoja hana hata kimoja na anakasirika nikimwambia naye anaumwa. Na mtu anayeumwa kwa mara ya kwanza maishani anaweza kukaa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, kabla ngozi haijajibu. Picha inaonyesha jibu la ngozi tu. Mdudu mwenyewe hayumo. Mwenye ngozi isiyojibu hatakuwa na picha, na aliyeanza kuwashwa Jumanne pengine aliumwa wiki iliyotangulia, kwenye basi la usiku au nyumba ya wageni.

Kwa sababu hiyo sipulizii dawa kwa picha peke yake. Picha inaniambia niangalie wapi kwanza. Nilipofika Kayole mchana nilianza na godoro lililokuwa nje juani, ili mama atulie. Nilifuata mshono wote kwa tochi na kadi ngumu, pande nne, kisha matundu ya misumari ya kitanda, kisha nyuma ya ubao wa kichwani. Kunguni huacha vitone vyeusi vya kinyesi ambavyo ukivigusa kwa pamba yenye maji husambaa kama wino, na magamba mepesi ya rangi ya asali waliyoyavua wakikua. Hapakuwa na kitone wala gamba. Kitanda kilikuwa safi.

Kisha nikavaa soksi nyeupe zinazofika gotini, nikatembea polepole kuzunguka sebule, hasa pembeni mwa kapeti. Baada ya dakika tano kulikuwa na vitu viwili vyeusi vikipanda kwenye soksi ya kulia. Nilikibana kimoja kwa vidole, hakikupasuka. Kunguni aliyeshiba ukimbana anapasuka na kuacha damu. Kiroboto ni mgumu kama mbegu ya mchicha na anateleza ubavu. Usiku ule mama aliweka beseni pana la maji yenye matone ya sabuni ya vyombo sakafuni, na taa ndogo juu yake. Viroboto hufuata mwanga na joto, huruka, huzama kwa sababu sabuni huvunja ule utando wa juu wa maji. Asubuhi alihesabu saba na akanitumia picha yao kwenye kijiko.

Walitoka wapi, na nyumba haina mnyama? Hili ndilo alilokuwa hawezi kulikubali. Walihamia wiki tatu kabla. Nyumba ilikuwa imekaa tupu karibu miezi miwili, na mpangaji aliyetangulia alikuwa na paka na aliacha kapeti, ambalo wao walilifurahia. Kiroboto kabla ya kuwa mkubwa hujifungia ndani ya kifuko kidogo chenye kunata, kilichopakwa vumbi, kwenye nyuzi za kapeti. Humo anaweza kungoja kwa wiki hata miezi. Kinachomwamsha ni mtikisiko wa miguu, joto la mwili na pumzi. Nyumba tupu inamaanisha wanaongoja ni wengi, na familia inapoingia na kuanza kutembea wanaibuka karibu pamoja. Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya vishada vifundoni swali langu la pili huwa ni hilo: mmehamia lini, na nyumba ilikaa tupu muda gani?

Kapeti lilitolewa na halikurudi. Tulifagia na kunyonya vumbi pembeni zote, nikapulizia sakafu na nyufa kwa dawa ya kuua pamoja na ile inayozuia viluwiluwi kukua, na nikamwambia mapema kwamba ataendelea kuwaona kwa wiki mbili au zaidi, kwa sababu kile kifuko kinamkinga aliye ndani na dawa. Asiponiamini hapo atadhani kazi imeshindwa na kupulizia mara tatu bure, watoto wakiwa ndani. Kwa wenye paka, nasisitiza kila mara: msimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa. Baadhi zina pemethrini kwa kiwango kinachoua paka.

Kuna picha ambazo siendi nazo popote isipokuwa kwa daktari. Mwaka wangu wa pili kazini nilipulizia chumba kimoja mara mbili kwa kunguni ambao sikuwahi kuwaona. Familia nzima ilikuwa ikijikuna usiku, na nilikubali neno lao. Picha walizonitumia zilionyesha vipele katikati ya vidole vya mikono na kwenye vifundo vya mikono, na mimi sikujiuliza kwa nini kunguni achague mahali hapo. Ulikuwa upele, ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, na ulihitaji dawa ya kupaka kwa wote wa nyumbani siku ileile. Nililipwa kwa kazi isiyokuwa na faida, na watoto walijikuna kwa mwezi mzima zaidi. Tangu hapo, vipele vya katikati ya vidole navirudisha zahanati papo hapo. Vivyo hivyo uvimbe unaosambaa na kuwa moto, usaha, au homa.

Na baada ya mvua, kuna picha nyingine inayotembea sana kwenye simu za Nairobi: mchirizi mrefu kama mtu aliyechapwa kiboko, wenye malengelenge, shingoni au karibu na jicho. Hakuna mdudu aliyeuma hapo. Ni yule mdudu mwembamba wa nyeusi na chungwa anayefuata taa za usiku. Ukimponda kwenye ngozi, maji yake huunguza, na mchirizi ni njia ya kidole chako. Ukimpondea kwenye mkunjo wa kiwiko, jeraha huonekana mara mbili, upande huu na upande ule, kama karatasi iliyokunjwa wino ukiwa mbichi. Hapo hakuna nafasi za kupima. Unaosha kwa maji na sabuni.

Yule mama wa Kayole alinitumia picha ya mwisho siku ya 19. Alikuwa amekaa dirishani vilevile, rula imelazwa pale pale juu ya kifundo, bila mtu kumwambia. Alama zote 14 zilikuwepo bado, nyeusi kuliko ngozi iliyozizunguka, pamoja na zile tatu za mstari wa soksi. Nilikuza nikaitazama moja baada ya nyingine. Mwanga ulikuwa ukitoka kushoto, na hakuna hata moja iliyokuwa na kivuli.